Miwani ya Mwanahawa

Riziki alizoea viboko; vinauma, vinakwisha. Lakini alipoivunja miwani ya Mwanahawa makusudi, mwalimu Nasoro hakushika fimbo. Aliwauliza wasichana wote wawili kama wako tayari kuzungumza, kisha akawaketisha uso kwa uso.

"Mwanahawa, tangu siku ile unaishije?"

"Ubaoni sioni kitu. Wakinicheka, sijui ni akina nani."

Riziki aliutazama mlango uliokuwa wazi, kisha akamgeukia mwalimu.

"Nichape tu, mwalimu!"

"Nikikuchapa, mwenzako ataona? Utarekebishaje ulichoharibu?"

Riziki aliutazama ubao, kisha Mwanahawa.

"Nitamsomea ya ubaoni kila siku mpaka apate miwani nyingine," alisema.

"Mwanahawa, hilo litakutosha?"

Mwanahawa alifinya macho ili aone, akasogeza kiti mbele, akamtazama Riziki usoni. "Kwa kuanzia," alisema.