Kifungu cha Arobaini

Siku hizo mtu aliweza kukodisha sauti yake kwa kampuni, akabaki bubu mpaka mkataba uishe. Usiku wa kuamkia siku ya kutia saini, Salha, karani wa wakili, alikuwa akimwandikia Bi Tunu, aliyetaka kukodisha yake, muhtasari wa mkataba. Kifungu cha tisa kilimruhusu kuvunja mkataba kwa notisi ya siku thelathini. Cha arobaini kilisema sauti hairudi kabla ya miaka kumi, "bila kujali kifungu kingine chochote." Kwa maneno hayo, cha tisa kilikuwa bure.

Salha akampigia simu wakili aliyemwajiri.

"Mteja wetu ni kampuni," wakili alisema. "Andika cha tisa tu."

Salha akaandika.

Asubuhi Bi Tunu alisaini, sauti ikiwa bado haijachukuliwa. "Ahsante, mwanangu. Mwezi mmoja tu, kisha nitoe notisi, halafu nitamwimbia mjukuu wangu."

Mwezi ulipoisha alileta notisi, akiwa na mjukuu mgongoni. Salha aliigonga muhuri bila kumtazama usoni.