Muhuri Uliobaki Jumatatu

"Muhuri haujawahi kunidanganya. Nipe cheti chochote, nikipapase nikiwa nimefumba macho, nitakuambia kimetoka meza gani."

Nilikuwa nawaambia hivyo makarani wapya wawili saa ya chai, nao waliacha kutafuna mandazi. Basi nikawapa kisa cha Oketch, ambacho kinanipandisha hasira mpaka leo.

Ilikuwa Ijumaa, Machi 1971, katika ofisi hii hii ya vizazi na vifo hapa Kisumu. Makarani wadogo tulikuwa wawili: Oketch dirisha la kwanza, mimi la pili. Sasa yuko Homa Bay, alihamishwa, kwa hivyo msijisumbue kumuuliza.

Saa tatu alikuja mama mmoja wa Nyalenda, jina lake Nabututu. Bwana yake alikuwa amefariki, na shemeji yake, Shitanda, alitaka kuuza ploti yao. Shitanda aliapa kwamba ndugu yake yu hai, yuko Jinja, na ndiye aliyemtuma auze. Chifu angeamua saa sita mchana siku hiyo. Alichotaka kwa huyo mama ni cheti cha kifo, na sahihi ya ofisi mgongoni kwamba ni cha kweli.

Oketch alikishika. Kilikuwa safi kuliko shati lake. Namba iko sawa, jina limepigwa taipu bila kufutwa, sahihi ya msajili ipo, na ile alama iliyobonyezwa kwa chuma inakwaruza kidole vizuri. Lakini mihuri ya tarehe ni miwili. Wa juu, wa siku kifo kilipoandikwa daftarini, ulisema tarehe tisa. Wa chini, wa siku cheti kilipotolewa, ulisema tarehe nane.

Cheti kimetoka kabla kifo hakijaandikwa.

Moyo ulimruka. Miezi sita kazini, na leo amekamata cheti cha bandia. Alishaona mkubwa akimpa mkono mbele ya watu.

"Mama, hii umenunua wapi?"

"Nilipewa hapa Jumanne, baba. Kwa hii dirisha."

"Jumanne ilikuwa tarehe tisa. Huu muhuri unasema nane. Ulipewa jana ya kesho?"

Foleni ikacheka. Mama hakucheka.

"Mimi sijui mambo ya muhuri. Najua bwana yangu amekufa. Nilimwosha na mikono yangu."

"Basi aliyekuuzia angekufundisha kuhesabu siku."

Hapo ndipo damu inanichemka. Daftari lilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Karani mwenye akili hufungua daftari, anatafuta namba ya kifo. Kisha anafungua kitabu cha vyeti, anaangalia kishina, kile kipande kinachobaki cheti kikishang'olewa. Halafu anaangalia vishina vya jirani, kilichotangulia na kinachofuata. Dakika tano, hata chai haipoi. Yeye alikifungia cheti kwenye droo akaagiza askari aitwe.

Mama alikaa kituo cha polisi mpaka saa kumi. Saa sita, Shitanda alisimama mbele ya chifu akasema, "Mmeona? Hata cheti chake kimeshikwa." Ploti ikaenda. Jumamosi asubuhi mnunuzi alikuwa juu ya paa aking'oa mabati, na watoto wa Nabututu wako uani wanamtazama.

"Na daftari?" karani mmoja mpya aliniuliza.

Daftari lilifunguliwa Ijumaa hiyo saa tisa, na Mzee Kangethe, karani mkuu. Kifo kiko, tarehe tisa. Kishina kiko, namba ile ile. Akafunua vishina vya jirani. Vyeti kumi na kimoja vilitoka Jumanne hiyo, na vyote kumi na kimoja vilisema tarehe nane.

Muhuri wetu, niliwaeleza, una mikanda midogo ya mpira: siku, mwezi, mwaka. Anayefungua dirisha asubuhi huzungusha mkanda wa siku kwa kidole, akaujaribu kwenye karatasi chakavu, ndipo aguse cheti cha mtu. Jumanne ile muhuri wa daftari ulizungushwa. Muhuri wa vyeti ulisahauliwa, ukabaki Jumatatu mchana kutwa.

"Kwa hivyo aliyepiga huo muhuri ni Oketch mwenyewe?"

"Mwenyewe. Anamwita mama wa watu mwizi kwa uvivu wa kidole chake. Mtu kama huyo anafaa kuhesabu samaki, si kuhesabu wafu. Mama alipewa cheti kipya Jumatatu, na sahihi mbili, na pole. Alikunja karatasi yake ndani ya leso, akasema asante. Asante, mnasikia? Ningekuwa mimi ningemvunjia mtu kioo."

"Na wewe dirisha la pili ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa na watu wangu," nikasema. "Foleni ndefu."

Jentrix, mama anayetupikia chai ofisini tangu wazungu hawajaondoka, alikuwa amesimama nyuma yangu na birika. Alinijazia kikombe polepole mpaka juu.

"Umeeleza vizuri, Walter," akasema. "Lakini wiki hiyo yote Oketch alikuwa Asembo Bay anamzika babake. Dirisha zote mbili zilikuwa zako, na mtu uliyemtuma kuita askari ni mimi."