Hongera Inayomfaa Mtu Mmoja

Siku hizi simu hazipeleki hongera inayoweza kumfaa kila mtu. Saumu aliandika, "Hongera shoga, Mungu akuzidishie," ikarudi. Akaongeza maua, ikarudi tena. Tausi, rafiki yake wa miaka kumi, kawa muuguzi mkuu, naye Saumu hana hata kumbukumbu moja ya kumwandikia! Kwa aibu akaiachia simu itafute yenyewe, nayo ikaandika: "Nakumbuka ulivyofanya mazoezi ya usaili jikoni kwangu, ukiliamkia birika kana kwamba ndilo mkurugenzi. Wodi yako itacheka." Hiyo ikapokelewa.

Tausi akajibu papo hapo: "Shoga, nimelia. Siku ile nilidhani hunisikilizi."

Saumu akashindwa hata kulitazama birika. Kweli hakuwa akimsikiliza. Iliyokuwa ikisikiliza ni simu, pale mezani.