Insha Iliyotiwa Rangi Nyekundu

Kompyuta ya shule iliitia rangi nyekundu insha ya Raifa kuhusu mvua: huenda imeandikwa na mashine. Mwalimu Zamda hakutaka kuhukumu kwa neno la kompyuta. Aliitandaza mezani, pembeni akaweka insha ambazo binti huyo aliziandika darasani mbele ya macho yake, zilizokuwa fupi na kavu, kisha akamwita pamoja na wazazi wake.

"Sijamtuhumu mtu," alisema. "Raifa mwanangu, hebu nieleze hapa. Kwa nini umeandika kwamba mvua inabisha hodi kwa adabu?"

Raifa akaangalia viatu vyake. "Kwa sababu inanyesha taratibu."

"Halafu?"

Baba yake akajikuna shingo, uvumilivu ukamshinda. "Halafu inaingia bila kukaribishwa, maana bati limechoka."

Mama Raifa akamgeukia mumewe. "Kumbe hayo ndiyo uliyokuwa ukinong'ona jikoni."

"Alianza mwenyewe," baba akajitetea. "Nikamsaidia kidogo. Basi nikanogewa."

Mwalimu Zamda akajizuia asicheke. Akampa Raifa karatasi tupu aandike upya palepale, kwa maneno yake. Alama zake zitatoka humo. Binti akainama, akaanza. Ile insha ya kwanza mwalimu akamrudishia baba.

Hakuichukua. Aliisukuma tena juu ya meza, polepole, mpaka ikagusa kalamu nyekundu ya mwalimu.

"Na mimi, Mwalimu," akauliza kwa sauti ya chini, "ningepata ngapi?"