Usitoe Kayole

"Mimi? Tangu nizaliwe sijawahi kutoa mji," kondakta Wabwire alijigamba, akining'inia mlangoni pa basi. "Vitendawili nilivinyonya pamoja na maziwa."

Mvua ya Elnino ilikuwa imeifanya Barabara ya Jogoo ziwa. Mbele lori lilikuwa limezama, na basi la Kayole halikuwa na pa kupita. Ili abiria wasishuke, kondakta aliwachokoza kwa vitendawili.

Aliyemchokoza hasa ni Vivian, fundi wa nguo, kiti cha kwanza. Kila siku Wabwire humwimbia kwamba yeye mwenyewe ni kapera, hana hata wa kumchemshia maji. Leo Vivian alilegea kidogo.

"Usiposhindwa mpaka maji yapungue, Jumapili njoo unywe chai na baba. Ukitoa mji hata mmoja, usinisemeshe tena."

"Kitendawili!" akapaza Aden, muuza vitambaa.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai! Mzee, hicho ni cha nasari."

"Kila niendapo ananifuata," akatega Mutisya, mekanika.

"Kivuli! Leteni vigumu, jameni!"

"Wabwire! Wabwire!" basi zima likashangilia.

Kiti cha nyuma, mama mmoja aliyepakata jogoo aliinua kichwa. "Wabwire wa wapi, mwanangu?"

"Wa Samia, mama. Huu mwanya wa meno ni muhuri wa ukoo," akajibu, akiuonyesha.

Mama aliutazama sana. "Basi, kitendawili."

"Tega!"

"Amechuma shambani kwangu, mlango wangu haujui."

"Nyani!"

"Umenoa."

"Ndege!"

"Umenoa."

"Mwizi!"

Mama akafikiri kidogo. "Umekaribia."

Dereva akawasha injini. Maji yalikuwa yakishuka. Vivian alikunja mikono, akingoja. Wabwire alijikuna kisogo, akatazama paa, akatazama jogoo. Wapi!

"Nipe mji," mama akasema.

"Chukua Mombasa."

"Joto."

"Kisumu basi, ule samaki."

"Samaki nimetoka nao nyumbani."

"Nairobi yote!"

"Nipe Kayole."

Wabwire akakohoa. "Kayole kuna nini, mama? Matope tu."

"Toa!" abiria wakamzomea. "Mbona wabania Kayole kuliko Mombasa?"

"Haya, chukua," akasema kwa sauti ndogo.

Mpewa mji sharti aende kwanza, asimulie alivyopokewa, ndipo atoe jibu. Mama akamweka jogoo vizuri.

"Nilienda Kayole, nikafika kwenye ghorofa nyuma ya kinu cha unga. Binti yangu Nafula akanipokea kwa uji. Mjukuu akanirukia shingoni, anacheka, mwanya wazi."

Abiria walicheka. Vivian hakucheka; alikuwa akimtazama Wabwire mdomoni, na mdomo ulikuwa umefungwa.

"Na jibu, mama?" Aden akauliza.

"Jibu ni mkwe ambaye hajawahi kuja kwetu kujitambulisha." Akamnyooshea kondakta jogoo. "Shika, mwanangu. Tunashuka steji moja."