Kadi ya Sengo

Mdahalo wa kuwagawa wahusika wa tamthilia ya televisheni kuwa mashujaa na waovu ulikuwa umeingia saa ya tatu, na Bi Tunu, mwamuzi, alikuwa hoi. Kadi ya Sengo, daktari mwizi wa dawa, ilikuwa bado mkononi mwake.

"Anaiba kwa ajili ya mwanawe mgonjwa," alisema Kheri, aliyekuwa akimtetea. "Ni shujaa mwenye dosari."

"Mtoto alishapona," Salome wa upande wa pili akajibu, "naye bado anaiba, wala hajutii. Tunamhurumia kwa sababu kamera inamfuata yeye. Igeuzeni kwa wagonjwa wake."

Bi Tunu akaibandika kadi ubaoni, upande wa waovu.

Simu ikaita. Ni mumewe, aliyeanza kumpiga yeye na watoto alipofukuzwa kazi. Kazi alishapata, mwaka wa sita sasa, naye bado anawapiga. Bi Tunu aliiacha iite, akavuta kadi tupu aandike jina la mumewe.