Mkono wa Birika

Itangazwe kwa heshima zote: Ambakisye Mwaipopo ndiye mwana mwema kuliko wote waliotoka Tukuyu wakahamia Hamburg. Aliyetangaza ni yeye mwenyewe, siku ya kutuma pesa nyumbani, akiwa amevaa soksi moja.

Sheria ya huko ilikuwa fupi. Kila mwezi mume na mke huandika kwa siri kwenye mashine ya kutumia pesa, kila mtu kiasi chake, na kilicho kidogo zaidi ndicho huenda nyumbani. Mashine haisemi kilikuwa cha nani.

"Yuro mia tatu na hamsini, na ya kutolea juu," Ambakisye alisema. "Mama asafishwe damu mara tatu kwa wiki. Kwa mia mbili zako, Sikitu, anakwenda mara mbili!"

"Kodi imepanda, baba Tusa. Zaidi ya hizo tutakula nini?"

Basi kila mwezi zilikwenda mia mbili, na ukweni Sikitu akaitwa mkono wa birika. Safari hii, kimyakimya, aliomba zamu za Jumapili, akaandika mia tatu na hamsini.

Risiti ikatoka: mia mbili.

Sikitu aliisoma mara mbili, kisha akamsukumia mumewe. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mama, nyembamba kama uzi.

"Zimefika, mwanangu. Usimgombeze mkeo. Miguu imevimba tu kidogo."

Ambakisye aliitazama soksi yake.

"Ni mimi, mama," alisema. "Tangu mwezi wa kwanza, mia mbili naandika mimi."